Moyo Unaporuka Pigo

Anayekwambia moyo wake "umeruka" huwa anasimulia mambo matatu yaliyofuatana upesi: kitu kimepapatika kifuani, kisha kimya kama moyo umesimama, kisha kishindo kimoja kinachofika hadi kooni. Humkuta usiku akiwa amelala ubavu wa kushoto, au jioni barazani baada ya vikombe kadhaa vya kahawa chungu, au siku aliyoitwa na mkuu wa kazi bila kuambiwa kisa. Kesho yake anakwenda kupima presha, anaambiwa iko sawa, anarudi nyumbani na hofu yake ileile.

Katika hali nyingi za namna hii hakuna pigo lililorukwa. Kuna pigo lililowahi.

Juu katika chumba cha kulia cha moyo kuna kikundi kidogo cha seli kinachotoa umeme wa kuamuru kila pigo, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Ila hata seli nyingine za moyo zina uwezo wa kutoa umeme wake. Mojawapo ikitangulia, moyo hujikaza kabla ya wakati, haujajaa damu bado. Ni kama kushusha mpini wa pampu ya kisima kabla maji hayajapanda: mpini umeshuka, maji yanatoka kiduchu. Pigo hilo ni dhaifu, pengine halifiki hata kwenye mshipa wa mkono. Baada yake moyo hukaa kidogo kuliko kawaida, damu nyingi inaingia, na pigo linalofuata linatoka kwa nguvu. Kile kishindo kilichokushtua ndicho pigo zima. Lenye kasoro ni lile la kabla yake, ambalo hukulisikia sawasawa.

Ndiyo maana ukubwa wa kishindo hausemi lolote kuhusu ukubwa wa tatizo. Wapo wanaoruka kitandani kwa pigo moja la mapema katika moyo mzima kabisa, na wapo wenye mapigo yaliyovurugika mchana kutwa ambao hawana habari. Kinachotofautisha ni mpangilio wa mapigo, na dalili zinazoandamana nayo.

Kabla ya kufika huko, tuiondoe presha njiani. Mitaani kwetu kila linalodunda kifuani huitwa presha, ya kupanda au ya kushuka. Presha ni nguvu ya damu kwenye mishipa. Hili tunalozungumza ni mwendo wa mapigo. Hata mashine za presha za nyumbani huweza kudanganya hapa. Kama kila pigo la pili ni la mapema na halifiki mkononi, mashine itasoma mapigo 38 kwa dakika ilhali moyo umepiga 76. Mtu anaona 38 kwenye kioo, anadhani moyo unazimika, adrenalini inapanda, na mapigo ya mapema yanazidi.

Sasa kahawa. Imelaumiwa sana, na si kwa haki yote. Mwaka 2023 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti uliofanyika San Francisco, ambapo watu 100 wazima wa afya walivaa kipimo cha umeme wa moyo kwa siku 14. Kila siku waliambiwa kwa bahati nasibu wanywe kahawa au waiache. Mapigo ya mapema kutoka vyumba vya juu vya moyo hayakuongezeka kwa kiasi cha maana. Yale ya vyumba vya chini yaliongezeka: wastani wa 154 siku ya kahawa, 102 siku isiyo na kahawa. Tena siku za kahawa watu walilala pungufu ya dakika 36 hivi. Angalia hiyo 102. Ni ya watu wenye afya, siku ambayo hawakugusa kahawa. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, na mia moja kati ya hizo kuwahi ni jambo la kawaida.

Kiasi ndicho chenye neno. Kwa mtu mzima mwenye afya, miligramu 400 za kafeini kwa siku hazihesabiwi kuwa hatari. Kwa mjamzito ni 200. Shida ni kwamba kikombe hakisemi kina ngapi. Robusta, ile inayolimwa sana Kagera na Uganda, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro, na kahawa nyingi za kopo zina robusta ndani. Kikombe cha muuza kahawa wa mtaani ni kidogo, lakini kahawa ndani ya dele imekaa juu ya makaa tangu alasiri, na hakuna anayekunywa kimoja. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na miligramu 80 hivi, na vijana wengi hulinywa juu ya kahawa wala hawalihesabu. Kisha kafeini haiondoki upesi. Kwa wengi, saa 5 baadaye nusu yake ingali mwilini, na kwa mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango muda huo huweza kufika maradufu.

Mfikirie mhasibu wa miaka 34, Dar es Salaam, wiki ya mwisho ya Juni, vitabu vinafungwa. Asubuhi mbili za kopo, mchana moja, saa kumi na moja jioni anaongeza kinywaji cha nguvu. Chakula cha mchana amekiruka. Analala saa nne au tano kwa usiku. Ofisini, kwenye purukushani, hasikii kitu. Akishajitupa kitandani saa tano usiku, moyo unaanza: paa, kimya, paa. Anajiuliza kwa nini ni sasa, wakati amepumzika. Jibu ni kwamba mwendo wa moyo unapopungua, nafasi kati ya pigo na pigo inapanuka na mapigo ya mapema yanapata pa kujitokeza. Adrenalini ya mchana haijaisha, kinywaji cha jioni nusu bado kimo, na chumba kiko kimya kiasi cha kumfanya asikie kila kitu.

Zahanati, daktari anamwambia agonge mezani kwa kidole jinsi moyo unavyokwenda. Anagonga: ta, ta, ta, tata, kimya, ta. Mpangilio uleule, umekatizwa mara mojamoja. Anaulizwa kama amewahi kuzimia, na kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Hapana. Akipanda ngazi mapigo ya mapema yanapotea, na hiyo ni ishara nzuri. Anapimwa damu, kwa sababu upungufu wa damu huupeleka moyo mbio hata bila kahawa, na kwa mwanamke mwenye hedhi nzito ni la kuangaliwa mapema. Tezi ya shingo nayo inapimwa. Kipimo cha umeme wa moyo kinatoka safi, ila daktari makini atamweleza kuwa kipimo hicho hunasa sekunde 10 tu. Kama moyo haukuruka ndani ya sekunde hizo, hakikuona kitu. Kwa anayeruka kila siku kuna kifaa cha kuvaa saa 24, Holta.

Dawa hakupewa. Aliambiwa apunguze kahawa kikombe kimoja kila baada ya siku mbili au tatu, maana kuikata ghafla huleta kichwa kuuma kikali, akae bila kafeini wiki mbili, kisha airudishe aone. Napenda njia hii kuliko ule mtindo wa kumkataza kila mtu kahawa kwa mazoea. Mapigo yasipobadilika katika wiki hizo mbili, kahawa haina kosa, na ni usingizi, mawazo, sigara au mirungi inayofaa kutazamwa. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini na bomba la pumu la salbutamoli nazo huupeleka moyo mbio. Bomba la pumu lisiachwe kwa sababu hiyo, aliyeliandika aulizwe. Kitu kimoja tu nakikataza moja kwa moja: kwenda duka la dawa kuomba propranololi kwa sababu jirani ilimsaidia. Kwa mwenye pumu inaweza kubana kifua hadi ashindwe kupumua.

Hali inayobadilisha hesabu yote ni kuzimia. Mtu aliyezimia pamoja na mapigo hayo, hasa akiwa anakimbia au anafanya kazi nzito, apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama ameamka na anacheka. Vivyo hivyo maumivu ya kifua yanayobana, pumzi kukatika, au mdomo kupinda na mkono kulegea. Mapigo ya mapema yanayozidi mtu anapofanya kazi, badala ya kupotea, yanataka kipimo. Ndivyo ilivyo kwa moyo unaoanza ghafla kwenda 150 au zaidi mtu akiwa amekaa, halafu ukakata ghafla vilevile: hapo ni njia ya umeme ndani ya moyo inayojizungusha, na inatibika. Na mapigo ya mapema yakifika maelfu kumi kwa siku, kwa miaka, yanaweza kuudhoofisha moyo hata kama hayamsumbui mwenyewe.

Mpangilio unaupima mwenyewe. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya kidole gumba kwenye kifundo cha mkono, hesabu dakika nzima bila kukisia. Mwendo uliotulia wenye pengo mara mojamoja ni ule wa mhasibu. Usipopata mpangilio wowote, karibu-karibu, mbali, karibu, mbali sana, hakuna mapigo mawili yanayofanana nafasi, hilo halisubiri wiki mbili za kujaribu kahawa.

Ulaya mapigo ya namna hiyo huwapata hasa wazee. Kwetu huwakuta hata wasichana, na chanzo chake mara nyingi kilianzia utotoni: koo lililouma, lisitibiwe sawasawa, likafuatiwa na homa ya baridi yabisi yenye viungo kuvimba, na vali ya moyo ikaharibika polepole. Msichana wa miaka 22 wa namna hiyo hatalalamikia kishindo. Atasema anachoka akipanda kilima alichokuwa akikipanda na ndoo kichwani, anaongeza mto usiku ili apumue, miguu inavimba jioni, na moyo "unahangaika". Nyumbani wanasema ni mawazo. Daktari akiweka kipimo kifuani anasikia vali ikivuma, na picha ya moyo, eko, inaonyesha imekazana. Chumba cha juu kisichojikaza vizuri huacha damu ituame na kuganda. Bonge likichomoka likaenda kwenye ubongo, ni kiharusi. Kwa hiyo mtu huyu huanzishiwa warfarini, na damu yake hupimwa mara kwa mara kujua dozi. Huchomwa pia sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 ili homa ile isirudi, na hupelekwa kituo chenye wataalamu wa vali, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Akipanga kubeba mimba aseme mapema, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.