Zoezi moja la kitabu kuwa mazoezi ishirini: namna ya kuondoa namba na kubakiza njia

Katika masomo mengi ya mashariki, kitabu cha hesabu ni kimoja na wanafunzi wanakipokezana. Mwanafunzi anakopa kitabu, ananakili kwenye kaye yake mazoezi matatu ambayo tayari yamefanywa, kisha anayarudilia mpaka anayajua kwa kichwa. Siku ya ezame namba zimebadilika, na yeye anabaki kuangalia karatasi. Jibu alilikamata, lakini njia haikuingia.

Dawa yake haiombi kitabu kingine. Inaomba biki, karatasi na kifutio.

Tuchukue zoezi moja ambalo wengi wanalifahamu, lile la kufukuzana. Baiskeli inatoka saa mbili ya asubuhi, inaenda kilometa 15 kwa saa. Moto inatoka mahali pale pale saa ine, inafuata barabara ile ile kwa kilometa 45 kwa saa. Itaifikia baiskeli saa ngapi, na wapi?

Kitabu kinafanya hivi: katika masaa 2 baiskeli imeshatangulia kilometa 30. Kila saa moto inapunguza ule mwanya kwa 45 − 15, ni kusema kilometa 30. Basi saa moja inatosha. Zitakutana saa tano, kwenye kilometa ya 45.

Sasa mwanafunzi anaandika upya, lakini anaacha nafasi tupu pahali pa kila namba:

Wa kwanza anatoka saa ____, mwendo ____.
Wa pili anatoka saa ____, mwendo ____.
Mwanya = mwendo wa kwanza × masaa ya kutangulia = ____
Kinachopunguzwa kila saa = mwendo wa pili − mwendo wa kwanza = ____
Muda = mwanya ÷ kinachopunguzwa = ____
Hakikisho: kilometa za wa kwanza ____ , za wa pili ____ (lazima zilingane)

Mustari ule wa mwisho mara nyingi hauko kwenye kitabu, lakini ndio unaruhusu mutu kufanya mazoezi peke yake bila mwalimu wa kusahihisha. Hapa moto imefanya 45 × 1, baiskeli imefanya 15 × 3. Zote 45, basi ni sawa.

Shida inaanza wakati wa kutia namba mpya. Mwanafunzi anaweka 40 pahali pa 45, na anapata 30 ÷ 25, ni kusema 1,2. Wengi wanaandika saa moja na dakika 20. Hapana: 0,2 ya saa ni dakika 12. Kosa hilo ni zuri kulikuta nyumbani kuliko kwenye ezame, basi namba kama hizo zisitupwe. Ila kwa siku za kwanza, heri namba zenye kutoka vizuri, na hizo zinapatikana kwa kuanzia kwenye jibu. Seme wakutane baada ya moto kutembea masaa 3, na baiskeli ilitangulia masaa 2. Basi baiskeli imetembea 5. Chagua kilometa zinazogawanyika kwa 3 na kwa 5, kama 60. Moto inaenda 20, baiskeli 12. Zoezi jipya limezaliwa, na jibu linajulikana mbele. Mkubwa anaweza kumtengenezea mdogo wake makumi ya hayo jioni moja.

Tena, si kila namba inakubalika. Kama wa pili ni mutu wa miguu mwenye kwenda 5, kutoa kunaleta −10 na muda unakuwa −3. Ile alama ya kutoa inasema kwamba hatamfikia hata siku moja. Mwanafunzi anayejaza nafasi bila kufikiri hataona kitu, ataandika masaa 3 na kuendelea.

Na hapo ndipo mpaka wa karatasi hii. Mwenye kuijaza mara kumi na tano anaanza kujaza kwa mkono tu, kichwa kimelala. Basi baada ya kama mara tano, afute mistari ya hesabu, abakize maelezo peke yake. Halafu abadilishe kinachotafutwa: atoe saa ya kukutana, aulize mwendo wa moto.

Mwishowe atengeneze karatasi ya pili, ya wawili wanaotoka miji miwili na kuja kukutana. Hapo mwendo unajumlishwa: kwa kilometa 120, na 15 pamoja na 45, ni masaa 2. Achanganye karatasi za namna zote mbili ndani ya kofia, avute moja bila kuangalia. Kabla ya kuandika namba yoyote, aseme kwanza kwa sauti: hapa ni kutoa, ao ni kujumlisha?