Kosa Moja Katika Kwizi Tatu

Barua ni ya mwanafunzi wa kidato cha nne kwenda kwa mwalimu wake wa tuisheni ya hesabu. Ina aya mbili tu. Baada ya shikamoo, anaeleza kwamba kila kwizi ikisharudishwa huipiga picha kwa simu ya dada yake kabla karatasi haijapotea, na sasa picha zimekuwa nyingi. Jioni huzifungua moja moja, anaangalia alipokosea, anasoma sahihisho la wino mwekundu, anaelewa, kisha anafunga simu. "Lakini mwalimu," anaandika, "kwizi inayofuata nakosea tena kitu kama kilekile. Naomba unielekeze nipitieje makosa yangu."

Kuelewa anakokusema ni kwa kweli, ila kuna mtego ndani yake. Picha ya kwizi iliyosahihishwa inaweka swali, kosa na jibu mahali pamoja. Jicho likipita juu yake, akili inakubali kila mstari bila kutoa chochote kutoka ndani yake. Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio lililoonyesha jambo hili waziwazi. Wanafunzi walipewa habari fupi wasome. Baadhi waliisoma tena, wengine waliifunika na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, walioandika kwa kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Ndiyo maana mwanafunzi wetu anafunga simu akiwa na hakika kwamba amejua, na hakika hiyo haifiki siku ya kwizi.

Mwalimu wake alianza kumjibu kwa kuzungumzia picha zenyewe. Alimwomba apige mbili: moja ya karatasi ya maswali ikiwa bado haijaandikwa kitu, nyingine baada ya kusahihishwa, pamoja na ukurasa wa kukokotolea. Ukurasa huo wanafunzi wengi huutupa, kumbe ndimo kosa lilimozaliwa. Picha ipigwe mchana karibu na dirisha, simu ikiwa sambamba na karatasi, maana alama ya kutoa iliyoandikwa kwa penseli hupotea kirahisi kwenye kivuli, na alama ikipotea mtu anaweza kuhangaika nusu saa na swali ambalo halikuulizwa. Kama anaituma kwa WhatsApp, ni afadhali aitume kama faili kuliko kama picha ya kawaida, isije ikapunguzwa ubora.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye ile picha isiyo na majibu. Swali alilokosa analifanya upya kwenye karatasi tupu, bila kuona wino mwekundu. Kama hana picha ya namna hiyo, anakili swali kwenye daftari na kuiweka simu mbali. Akimaliza ndipo anaweka kazi mpya kando ya ile ya zamani na kushuka mstari kwa mstari, akitafuta mstari wa kwanza uliopotoka. Mistari iliyo chini ya huo haina habari mpya, maana mara nyingi hesabu yake ni sahihi, ila imejengwa juu ya kitu kilichokwisha haribika.

Tuchukue swali moja kutoka kwenye picha zake: 2(x − 3) − 3(x − 5) = 4. Aliandika hivi:

2x − 6 − 3x − 15 = 4
−x − 21 = 4
x = −25

Mstari wa pili na wa tatu hauna kasoro. Kosa liko kwenye wa kwanza, mahali pamoja tu: −3 ikizidishwa kwa −5 inatoa +15, yeye kaandika −15. Alama ya kutoa iliyo nje ya mabano aliipeleka kwa x peke yake, akaisahau alipofika kwa 5. Ikirekebishwa tunapata −x + 9 = 4, na x ni 5. Angeweza kuligundua mwenyewe kwa kurudisha jibu ndani ya swali: 5 inaleta 4 − 0, yaani 4 kamili, lakini −25 inaleta 34.

Hapa mwalimu alimwambia jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha majibu yake yote. Alimtaka aache kuzipanga picha kwa tarehe au kwa mada, azipange kwa sababu ya kosa. Katika kwizi ya sehemu kulikuwa na (x + 1)/2 − (x − 2)/3 = 2. Alizidisha kote kwa 6, vizuri kabisa, kisha akaandika 3x + 3 − 2x − 4 = 12 akapata 13. Ilipaswa kuwa + 4, na jibu ni 5. Katika kwizi ya mteremko wa mstari unaopita (1, −3) na (4, 3), aliandika 3 − 3 juu ya 4 − 1 akapata sifuri. Ilipaswa kuwa 3 − (−3), yaani 6, na mteremko ni 2. Mada tatu, kwizi tatu, na yeye alikuwa akijihesabia udhaifu wa aina tatu. Kumbe ni kosa moja: kutoa kitu ambacho ndani yake tayari mna hasi. Kwa siku kadhaa alikuwa akisoma upya sura nzima ya sehemu, sura ambayo hakuwa na shida nayo.

Kwenye daftari la makosa aliambiwa aandike sentensi moja inayotaja kitendo chenyewe: "Nikifungua mabano yaliyotanguliwa na kutoa, nabadilisha alama ya kila kilicho ndani." Kuandika "nilikosa umakini" hakumsaidii, kwa sababu sentensi hiyo haimwambii mkono wake ufanye nini kesho.

Kulirudia swali lilelile nako kuna mwisho wake, maana baada ya mara mbili atakuwa anakumbuka kwamba jibu ni 5. Namba zibadilishwe, na anaweza kuzibadilisha mwenyewe kwa kuanzia kwenye jibu. Anachagua x iwe 4, anatunga 3(x − 2) − 2(x − 7), anaweka 4 ndani na kupata 6 + 6, basi swali lake ni 3(x − 2) − 2(x − 7) = 12. Atunge kadhaa leo, azihifadhi bila majibu, afanye moja kesho, nyingine baada ya wiki, nyingine baada ya wiki tatu. Akipata 32 badala ya 4, kosa la zamani bado lipo, na hesabu ya siku inaanza upya.

Maswali aliyopata kwa kubahatisha nayo yaingie kwenye daftari, hata kama yana alama ya vema. Ili ayatambue baadaye, aweke nukta ndogo pembeni mwa jibu lolote asilo na hakika nalo wakati bado anafanya kwizi.

Njia hii haifanyi kazi kwa maswali ya pembetatu zinazofanana. Kwenye picha zake hayo hayana mstari uliopotoka, kwa sababu hakuandika mstari wowote. Hapo hakuna kosa la kutafuta, kuna mada ambayo haijaingia, na kuitazama picha mara kumi hakutaiingiza. Kwa hayo mwalimu amemwambia aje Jumamosi na rula na karatasi tupu, waanze kwa kuchora.