Je, Wajua Bomba Moja Lina Viwango Viwili vya Kupitisha Joto?

Chukua bomba la chuma la kipozea mafuta, lenye kipenyo cha milimita 19 nje na 15 ndani. Maji yanapita ndani, mafuta ya moto nje. Kila mita ya bomba hilo ina eneo kubwa zaidi upande wa nje kuliko wa ndani, kwa uwiano wa 19 kwa 15, ilhali joto linalotoka kwenye mafuta ndilo hilo hilo linaloingia kwenye maji. Kwa hiyo kiwango cha jumla cha upitishaji joto, ambacho wahandisi hukiita U, hakina thamani moja. Tuseme kwa eneo la nje ni wati 973 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi moja. Kwa eneo la ndani kitakuwa wati 1,232. Zote mbili ni sahihi, maana kila moja ikizidishwa kwa eneo lake hutoa jibu lile lile.

Kosa huja pale namba inapotengana na eneo lake. Kipozea kikitakiwa kuondoa kilowati 500, na wastani wa tofauti ya joto ukiwa nyuzi 40, hesabu ya nje inadai mita za mraba 12.85 na ya ndani 10.15. Ukizigeuza kuwa urefu, zote zinadai mita 215 za bomba. Lakini fundi akipewa 1,232 bila maelezo, apate 10.15, kisha anunue mabomba kwa kipenyo cha nje kama yanavyouzwa, atafunga mita 170 tu. Mtambo utapungukiwa na zaidi ya moja ya tano ya uwezo wake. Mafuta yatatoka ya moto kupita ilivyokusudiwa, lawama itatupiwa uchafu, mabomba yatasuguliwa, na hali itabaki ile ile. Kipozea kinachoshindwa kazi kingali kipya na kisafi kikaguliwe kwanza kwenye karatasi ya hesabu.

Wapo watakaosema ukoko wa ndani ya mabomba huvuruga makadirio kuliko tofauti hii, na kwamba bomba lenye ukuta mwembamba huifanya iwe ndogo. La pili ni kweli: ukuta ukiwa na milimita 0.7 tu, tofauti ni kama asilimia 8. Ila ukoko huwekewa akiba makusudi, na kosa la eneo huila akiba hiyo kabla uchafu haujaanza. Tena ukinzani wa ukoko wa ndani wenyewe lazima uzidishwe kwa 19/15 kabla ya kuingia kwenye hesabu ya nje. Na bomba likiwa na mapezi, eneo la nje laweza kuwa mara 15 ya la ndani. Hapo kuchanganya ni kuharibu kazi nzima. Viwandani wengi hutumia eneo la nje, kwa kuwa kipenyo cha nje hakibadiliki hata unene wa ukuta ukibadilika. Desturi hiyo inafaa, mradi kila U iandikwe pamoja na eneo lake.