Mshahara ukizidi kwa makosa: Mwajiri akukate vipi?

MWEZI unapokatika hapa Juba, foleni za benki hurefuka na simu za watu hulia bila kukoma, kila mmoja akisubiri ujumbe wa kumwarifu kwamba mshahara umeingia. Wengi hulia kwamba umechelewa au umepungua. Lakini wapo wachache ambao hukuta umezidi. Hao hukaa kimya, wakisema moyoni kwamba Mungu amewakumbuka.

Mimi hutunza vitabu vya mishahara vya wafanyabiashara wanaoingiza bidhaa kupitia Nimule, na katika kazi hii nimeona furaha hiyo ikigeuka kilio mara nyingi. Miezi mitatu au minne hupita, kisha mhasibu anagundua kosa. Mwezi unaofuata mfanyakazi anakwenda benki na kukuta mshahara wote umekatwa. Kodi ya nyumba Gudele inamsubiri, karo ya watoto waliobaki Gulu au Kitale inamsubiri, na hakuna aliyemwambia neno.

Maswali ni mawili. Je, mwajiri ana haki ya kuzirudisha fedha hizo? Na kama anayo, anaweza kukata kiasi gani kwa mara moja?

Jibu la kwanza ni fupi: haki anayo. Fedha iliyokufikia kwa kosa la hesabu haikuwa mshahara wako, bali ni deni, na wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Jibu la pili ndilo wengi hawalijui, wafanyakazi kwa waajiri.

Cha kwanza kuuliza ni mkataba wako unafuata sheria ya nchi gani. Mji huu una waajiri wa kila aina. Aliyeajiriwa na mwenye duka wa hapa hapa Juba yuko chini ya Sheria ya Kazi ya Sudan Kusini ya mwaka 2017, na mgogoro wake huanzia kwa maafisa wa Wizara ya Kazi. Lakini wako wengi, hasa madereva, makarani wa maghala na wahasibu, ambao barua zao za ajira zilitiwa saini Nairobi. Mishahara yao hupigiwa hesabu Nairobi, na wakimaliza zamu yao Juba hurudi huko. Hapa nitaieleza zaidi sheria ya Kenya, kwa sababu inalitaja jambo hili waziwazi.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, inaorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya. Mojawapo ni kiasi chochote alicholipwa mfanyakazi kwa makosa, kikizidi mshahara anaostahili. Kifungu hicho hakimlazimishi mwajiri kupata kwanza saini ya mfanyakazi. Kwa hiyo anayesema “hawawezi kunikata bila idhini yangu” anajidanganya.

Hata hivyo, kifungu hicho hicho kinaweka mpaka. Makato yote ya mara moja yakijumlishwa hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Maana yake ni kwamba theluthi moja lazima imfikie mfanyakazi. Tena neno “yote” lina uzito wake: kodi, michango ya lazima na mikopo inayokatwa kazini huingia katika hesabu hiyo pamoja na deni la mshahara uliozidi. Mwajiri hawezi kuliweka deni lake kando na kulihesabu peke yake.

Kifungu cha 20 nacho kinataka mfanyakazi apewe maelezo ya mshahara kwa maandishi, yakionyesha mshahara kamili, kila makato na sababu yake. Vibarua na walioajiriwa kwa muda usiozidi miezi 6 hawamo katika kifungu hicho. Wengine wengi wana haki ya kuona mstari kwenye slipu unaosema kwamba hiki ni kiasi kilicholipwa zaidi, na ni cha mwezi gani.

Tuchukue mfano, msomaji, tuone hesabu inavyokwenda. Karani wa ghala wa kampuni ya Nairobi alikuwa Juba kwa mwaka mzima. Mshahara wake ni shilingi 90,000 za Kenya kwa mwezi, na juu yake alipewa marupurupu ya mazingira magumu ya shilingi 30,000 kwa muda atakaokuwa Juba. Akarudi Nairobi, lakini hakuna aliyeyaondoa marupurupu yale kwenye kompyuta. Yakaendelea kuingia kwa miezi 3.

Kwa karatasi, kampuni imetoa shilingi 90,000 zaidi. Je, karani anadaiwa shilingi 90,000? Hapa ndipo watu wengi wanapoumizwa bila kujua. Shilingi 30,000 za kila mwezi hazikumfikia zote. Kwa mshahara wa ngazi yake, kodi ya mapato huchukua karibu asilimia 30 ya nyongeza hiyo, na michango ya bima ya afya na ya nyumba huchukua kidogo tena. Kilichofika mkononi ni kama shilingi 20,000 kwa mwezi, yaani shilingi 60,000 kwa miezi 3. Zile 30,000 zilizobaki hakuzigusa. Zilikwenda kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya na kwenye mifuko ya michango.

Mhasibu anayejua kazi yake ana njia mbili. Anaweza kupunguza shilingi 90,000 kutoka kwenye mshahara kabla ya kodi, kidogo kidogo, na hapo kodi na michango nayo itashuka, kwa hiyo mfanyakazi ataumia kwa kile tu alichokula. Au anaweza kudai shilingi 60,000 kutoka kwenye mshahara wa mkononi, kisha kampuni yenyewe irekebishe hesabu zake na Mamlaka ya Mapato. Lisilo haki ni kuchukua shilingi 90,000 kutoka kwenye mshahara ambao umekwisha kukatwa kodi. Hapo mfanyakazi analipia kodi ya fedha ambayo haikuwa yake.

Utalijuaje hilo? Weka slipu mbili pamoja, ya mwezi uliozidi na ya mwezi wa makato. Kama mstari wa kodi ulipanda mwezi ule na haukushuka mwezi huu, uliza kiasi wanachodai kimepigiwa hesabu wapi, kabla ya kodi au baada yake.

Tuseme basi wamekubaliana kwamba deni ni shilingi 60,000. Sasa tutafute kiasi cha kila mwezi. Mshahara wa karani ni 90,000, na theluthi mbili zake ni 60,000. Kodi na michango ya lazima humla kama 25,000. Ana mkopo wa chama cha akiba unaokatwa kazini, shilingi 20,000. Jumla ni 45,000. Nafasi iliyobaki kabla ya kugusa mpaka ni shilingi 15,000. Kwa hiyo mwajiri anaweza kukata hadi shilingi 15,000 kwa mwezi, na deni litaisha kwa miezi 4. Karani atabaki na shilingi 30,000 kila mwezi. Ni maisha ya kujibana, lakini watoto watakula.

Kumbuka kwamba mpaka huo ni kikomo cha juu. Mfanyakazi anaweza kuomba akatwe 10,000 kwa miezi 6, na waajiri wengi hukubali wakiombwa mapema na kwa maandishi. Akiacha kazi kabla deni halijaisha, salio halifutiki. Mwajiri bado anaweza kulidai kama deni jingine lolote, ila madai yanayotokana na mkataba wa kazi yana muda wake, ambao kwa Kenya ni miaka 3.

Si kila fedha anayoijutia mwajiri ni kosa. Kama karani yule ana barua iliyotiwa saini inayosema marupurupu yataendelea kwa miezi 3 baada ya kurudi ili ajipange, hayo ni malipo aliyoyastahili. Mwajiri aliyebadilisha mawazo hawezi kuliita badiliko hilo kosa la hesabu. Ndiyo maana barua ya ajira, na kila barua ya kuhamishwa, ni vitu vya kuhifadhi.

Ndugu zetu wafanyabiashara wa mpakani, walioajiri kijana mmoja au wawili kule Elegu au Konyo Konyo, wanaweza kuiga kitu kutoka Tanzania. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamkataza mwajiri kumrudishisha mfanyakazi mshahara wake, isipokuwa ule uliozidi kwa sababu ya kosa la kukokotoa. Kwa deni linalotokana na hasara aliyosababisha mfanyakazi, sheria hiyo inataka mwajiri aandike chanzo cha deni, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa. Inataka pia ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga, na asikate zaidi ya robo ya ujira. Masharti haya yaliwekwa kwa ajili ya hasara, lakini karatasi ya namna hiyo ingezuia ugomvi mwingi hata kwa mshahara uliozidi.

Juba ina jambo lake la ziada, nalo ni sarafu. Wako wanaolipwa dola, wako wanaolipwa pauni, na wako wanaolipwa zote mbili. Kabla ya katikati ya Desemba 2015, kiwango rasmi kilikuwa karibu pauni 3 kwa dola moja. Serikali ilipoiachia pauni ijitafutie bei, ikawa zaidi ya 18 papo hapo. Aliyekuwa amelipwa pauni 3,000 zaidi alikuwa amepata kama dola 1,000 kwa kiwango rasmi, na baada ya siku ile pauni hizo hazikufika dola 170. Mwajiri aliyezitoa kama pauni akizidai kama dola za kiwango cha zamani, anamdai mfanyakazi zaidi ya mara sita. Mwandikiane basi kwamba deni litalipwa kwa sarafu ile ile iliyotolewa, na idadi yake itajwe.

Ukikuta mshahara umezidi, usiutumie. Mwandikie mhasibu siku hiyo hiyo, na ubaki na nakala. Na ukikuta umekatwa bila taarifa, omba kwa maandishi mambo matatu: fedha zilizidi mwezi gani, zilikufikia kiasi gani baada ya kodi, na makato yataisha mwezi gani. Wasipojibu, chukua barua ya ajira na slipu zako, uende kwa afisa wa kazi.