Sina alipomshika Meli

Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Baba yake alikuwa Rindi, ambaye wageni wengi walimwandika kwa jina la Mandara. Hasimu wao mkubwa, upande wa magharibi, alikuwa Sina wa Kibosho. Haya ni majina ambayo mtoto wa Uchaggani huyasikia nyumbani kabla hajayasoma popote. Lakini yapitishe kwenye simu inayotafsiri Kijerumani kwenda Kiswahili, uone. Kwa simu hiyo, meli ni chombo cha baharini, na sina ni kauli ya mtu asiye na kitu mfukoni.

Familia moja ya Old Moshi ilitumiwa na kijana wao aliyeko Ujerumani picha za kurasa za kitabu cha zamani kinachoeleza habari za Kilimanjaro. Walifanya ambalo wengi wetu tungefanya: wakafungua picha moja, wakabonyeza kitufe cha kutafsiri, wakasoma, wakaenda kwenye picha inayofuata. Ukurasa wa kwanza ulimtaja “chifu Meli”. Wa pili ulisema “meli ya mkuu”. Wa tatu ukaja na “kiongozi wa mandhari ya Moshi”. Mzee wa nyumba akauliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, kama hao ni watu watatu au mmoja.

Ni mmoja. Programu ya kutafsiri kwa kamera huichukua kila picha kama kitu kinachojitegemea. Ilichoamua kwenye ukurasa wa 41 haikumbuki ikifika wa 42. Neno Häuptling linaweza kutoka chifu, mkuu, kiongozi au mtawala, na yote ni sahihi kila moja kwa nafasi yake. Kosa huonekana pale tu kurasa zinapowekwa pamoja. Neno Landschaft lina hatari zaidi. Katika Kijerumani cha leo ni mandhari, ile sura ya nchi unayoitazama ukiwa dirishani. Waandishi wa Kijerumani wa enzi ya ukoloni walilitumia kwa kila himaya ndogo ya mangi mlimani: Moshi, Kibosho, Marangu, Machame. Simu haijui hilo, na msomaji anabaki akijiuliza mandhari inatozwaje kodi.

Kabla hata ya tafsiri kuna tatizo la macho. Vitabu vingi vya Kijerumani vya wakati ule vilipigwa chapa kwa herufi za mvunjiko ziitwazo Fraktur. Humo s ya katikati ya neno ni ndefu na inafanana mno na f. K kubwa na R kubwa ni kama ndugu, S kubwa na G kubwa vilevile. Kwa hiyo Kiboscho, ndivyo walivyoiandika Kibosho, hugeuka Kibofcho ukurasa huu na Riboscho ukurasa ule, na Sina akawa Gina, jina la kike kabisa. Anayesoma tafsiri peke yake ataamini kulikuwa na mahali pengine na mtu mwingine.

Ndiyo maana familia iliponiomba msaada, kazi ya kwanza haikuwa kutafsiri, ilikuwa kunakili. Picha zote zilipewa jina kwa namba ya ukurasa iliyochapwa kitabuni, si kwa mpangilio ziliofika nao WhatsApp, ambao ulikuwa umevurugika. Kisha programu ikaamriwa itoe maandishi ya Kijerumani tu, na maandishi hayo yakalinganishwa na picha, hasa kila neno lenye f au herufi kubwa. Inachosha. Hata hivyo kosa la jina likirekebishwa hapa linarekebishwa mara moja. Likiachwa, utalifukuza katika kila tafsiri itakayofuata.

Baada ya hapo kurasa ziliunganishwa, na hapa ndipo penye utamu wa Kijerumani. Lugha hiyo hupenda kuupeleka mwisho wa sentensi ukanushi na kipande cha kitenzi. Chukua sentensi niliyoitunga kwa mfano. Ukurasa unaishia hivi: Sina griff Meli in jenem Jahre. Ukurasa unaofuata unaanza: nicht an. Ukitafsiri picha ya kwanza peke yake, unapata kwamba Sina alimshika Meli mwaka ule. Picha ya pili inaanza na “si” inayoelea. Ziunganishe, na maana ni kwamba mwaka ule Sina hakumshambulia Meli. Kitenzi kimebadilika, na tukio lenyewe limefutika. Katika historia ya koo zilizopigana, hilo si kosa la kupuuzwa.

Viwakilishi navyo havivuki ukurasa. Sie kamen am Abend, ikiwa juu kabisa ya ukurasa, inaweza kuwa walifika jioni au, kwa Kijerumani cha heshima, ulifika jioni. Waliotajwa wamebaki ukurasa wa nyuma, basi simu inabahatisha. Dawa ni ndogo: kila kipande kinachotafsiriwa kianze na kuishia kwenye nukta, na kibebe aya ya mwisho ya kipande kilichotangulia, ambayo tafsiri yake baadaye unaitupa.

Ndipo daftari likaingia. Mjukuu wao alichora safu nne: neno lilivyo kitabuni, sura zake zote, uamuzi wa familia, na ukurasa lilipoonekana mara ya kwanza. Häuptling likawa mangi, bila mjadala. Landschaft likawa himaya. Moschi ilileta ubishi, kwa sababu kabla ya reli kufika mwanzoni mwa miaka ya 1910, jina hilo lilikuwa la makao ya Rindi na Meli huko juu, si mji wa leo wa kituo cha treni. Wakaandika Old Moshi. Programu mpya za akili mnemba hukubali kupewa orodha kama hii pamoja na maandishi, na zinaifuata vizuri kiasi, mradi uibandike upya kila kipande. Ukiibandika mara moja tu mwanzoni, kurasa chache mbele chifu anarudi kimyakimya.

Kuhusu Rindi na Mandara nilisimama kidete. Mjukuu alitaka kote paandikwe Rindi, kwa kuwa ni mtu mmoja. Nilimwambia aache kila jina pale mwandishi alipoliweka, na daftarini aandike kwamba ni yuleyule. Mwandishi anayesema Mandara anatuonyesha habari zake alizipata kwa nani. Ukilisawazisha jina, umefuta alama hiyo. Häuptling ni tofauti, kwa kuwa tofauti zile zilizaliwa na simu, kitabuni hazimo.

Ukaguzi wa mwisho ulitegemea sarufi yetu wenyewe. Kiswahili kina upatanisho, na upatanisho humuumbua mdanganyifu: Meli mtu alikimbia, meli chombo ilikimbia. Walitafuta kila “Meli ili-” na “Meli ya”, wakahesabu pia jina hilo limetokea mara ngapi katika Kijerumani cha kila ukurasa na mara ngapi katika tafsiri. Hesabu zilipopishana, walirudi kwenye picha.

Mjukuu alijaribu kufupisha kazi kwa kuamuru kompyuta ibadilishe kila “meli ili” kuwa “Meli ali”. Ikafanya hivyo kwa sekunde moja. Katika sura ambayo mwandishi anaeleza safari yake ya kuja pwani, Mangi Meli akawa ametia nanga Tanga, akapakia makaa ya mawe na kuendelea na safari kwenda Dar es Salaam.