Sungura Walewale, Madaftari Mawili

Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, ambaye vizazi vya baadaye vilimwita Fibonacci, alitoa kitabu kinene cha hesabu kiitwacho Liber Abaci. Tarakimu alizozitumia alikuwa amejifunza Bugia, mji wa bandari katika Aljeria ya leo, ambako baba yake alifanya kazi ya forodha. Kati ya hesabu za biashara na ubadilishaji fedha, alichomeka chemshabongo. Mtu ana jozi moja ya sungura waliokomaa, kazungushia ukuta pande zote. Kila jozi iliyokomaa huzaa jozi moja kila mwezi, na jozi changa huchukua mwezi mmoja kukomaa. Hakuna anayekufa. Je, mwaka ukiisha kutakuwa na jozi ngapi?

Jibu ni 377, na wengi walioisoma hesabu hiyo shuleni wanaukumbuka mfuatano wake: 1, 2, 3, 5, 8, 13, kila namba ikiwa jumla ya mbili zilizoitangulia. Lakini ndani ya ukuta ule kuna jambo jingine, ambalo hujitokeza pale makarani wawili wanapopewa kazi ya kuwahesabu sungura haohao.

Karani wa kwanza anaandika jozi changa na jozi kubwa. Mwezi ujao, jozi changa zitakuwa sawa na jozi kubwa za leo, kwa kuwa kila kubwa huzaa moja. Jozi kubwa za mwezi ujao zitakuwa changa za leo zilizokomaa, pamoja na kubwa za leo. Kanuni hiyo anaipanga katika jedwali la namba nne, yaani matriki:

```
A =  0  1
     1  1
```

Safu mlalo ya juu inasema changa wajao ni 0 mara changa wa leo, kuongeza 1 mara wakubwa wa leo. Safu ya chini inasomwa vivyo hivyo.

Karani wa pili hapendi mpangilio huo. Yeye anaandika jumla ya jozi zote, kisha jozi changa. Kwake wakubwa si safu ya daftari. Akiwahitaji, anatoa changa kwenye jumla. Changa wajao ni jumla kutoa changa. Jumla ijayo ni jumla ya leo kuongeza watakaozaliwa, yaani mara mbili ya jumla kutoa changa. Matriki yake ni hii:

```
B =  2  -1
     1  -1
```

Ukiziweka A na B kando kwa kando, hazina sura moja. Moja haina namba hasi hata moja, nyingine inazo mbili. Hata hivyo zinaeleza sungura walewale na mwezi uleule. Wanahisabati husema makarani hawa wametumia misingi miwili tofauti, na kwamba A na B ni matriki zinazofanana.

Kufanana huku kuna maana kamili. Iko matriki S inayotafsiri daftari la kwanza kwenda la pili: jumla ni changa kuongeza wakubwa, na changa ni changa. Iko pia S⁻¹, kinyume chake, inayorudisha. Karani wa pili akitaka kutumia kanuni ya mwenzake, hana budi kufuata hatua tatu: ageuze namba zake kuwa za daftari la kwanza kwa S⁻¹, apitishe mwezi mmoja kwa A, kisha arudishe matokeo kwenye daftari lake kwa S. Kwa maandishi, B = S A S⁻¹.

```
S =  1  1      S⁻¹ =  0   1
     1  0             1  -1
```

Swali linalofuata ni hili: katika daftari lolote, je, kuna mgawanyo wa sungura ambao mwezi ukipita unazidishwa tu kwa namba moja, bila uwiano wake kubadilika? Mgawanyo wa namna hiyo huitwa vekta eigeni, na namba inayouzidisha ni thamani eigeni. Neno lenyewe lilienea kutokana na kazi za Mjerumani David Hilbert za mwaka 1904. Kwa kifupi, A v = λ v, na v isiwe sifuri tupu.

Kwa karani wa kwanza, mgawanyo huo ni changa 1 kwa wakubwa 1.618 hivi. Mwezi ukipita, changa wanakuwa 1.618, nao wakubwa wanakuwa 1 + 1.618, yaani 2.618, ambayo ni 1.618 mara 1.618. Kila kitu kimezidishwa kwa 1.618. Kwa karani wa pili mgawanyo huohuo unasomeka jumla 2.618, changa 1. Akitumia kanuni yake mwenyewe anapata jumla mpya 4.236 na changa 1.618, na hapo tena kila kitu kimezidishwa kwa 1.618. Vekta imebadilika sura kwa sababu imeandikwa katika daftari jingine. Namba inayoizidisha haikubadilika.

Uthibitisho kwamba hii si bahati ya sungura unaenea katika mstari mmoja. Tuseme A v = λ v. Chukua w = S v, yaani v ileile iliyotafsiriwa. Sasa:

```
B w = S A S⁻¹ S v = S A v = S (λ v) = λ w
```

Katikati, S⁻¹ na S zimekutana zikafutana. Kisha A ikafanya kazi yake juu ya v. Kisha λ, ambayo ni namba ya kawaida tu, ikatoka mbele. Inabaki kuhakikisha kwamba w si sifuri, na hilo ni jepesi: S ina kinyume, kwa hiyo haiwezi kuigeuza vekta isiyo sifuri kuwa sifuri. Basi kila thamani eigeni ya A ni ya B. Ukianzia kwa B na kurudi kwa S⁻¹, kila ya B ni ya A.

Mfaransa Augustin-Louis Cauchy alishalionyesha jambo hili mwaka 1826, wakati hata jina la matriki halijaingia katika hisabati. Njia inayopendwa zaidi vitabuni hupitia ditaminanti, ile namba ambayo kwa matriki ya namba nne hupatikana kwa kuzidisha ulalo mkuu na kutoa zao la ulalo wa pili. Thamani eigeni ni zile λ zinazoifanya ditaminanti ya A − λI kuwa sifuri, I ikiwa matriki yenye 1 kwenye ulalo na 0 kwingine. Kwa kuwa B − λI ni sawa na S (A − λI) S⁻¹, na ditaminanti ya zao ni zao la ditaminanti, zile za S na S⁻¹ zinafutana. A na B zina mlinganyo mmoja. Kwa sungura wetu ni λ² − λ − 1 = 0, na majibu yake ni 1.618 na −0.618 kwa kukadiria. Njia hii inatoa kitu ambacho ile ya kwanza haikusema: thamani inayojirudia, hujirudia mara zilezile pande zote mbili.

Mlinganyo ukiwa mmoja, vigawo vyake ni vimoja, na hapo ndipo penye kipimo cha haraka. Jumla ya ulalo wa A ni 0 + 1 = 1; ya B ni 2 − 1 = 1. Ditaminanti ni −1 kwa zote mbili. Mwanafunzi aliyesahau S⁻¹ na kuandika S A peke yake angepata 1 na 2 juu, 0 na 1 chini; jumla ya ulalo ni 2, na kosa linaonekana papo hapo.

Ila kipimo hiki kina tundu. Wengi hugeuza mpangilio na kuandika S⁻¹ A S, ambayo hapa inatoa 2 na 1 juu, −1 na −1 chini. Jumla ya ulalo ni 1, ditaminanti ni −1, thamani eigeni ni zilezile, maana hiyo nayo ni matriki inayofanana na A. Lakini si daftari la karani wa pili. Njia ya kuligundua kosa ni kumrudia sungura: weka jumla 1 na changa 0, ambayo ndiyo hali ya mwanzo. B inatoa jumla 2, changa 1, kama inavyopaswa. Matriki iliyogeuzwa inatoa jumla 2, changa −1.

Kinyume cha kanuni yenyewe pia si kweli. Matriki yenye 1 na 1 juu, 0 na 1 chini, ina thamani eigeni moja tu, 1, inayojirudia mara mbili, sawasawa na I. Lakini I haifanani na matriki yoyote isipokuwa yenyewe, kwa kuwa S I S⁻¹ ni I siku zote.

Faida ya kubadili msingi inaonekana pale anapokuja karani wa tatu, anayeandika daftari lake kwa vekta eigeni zenyewe. Kwake matriki ni 1.618 na −0.618 kwenye ulalo, sifuri kwingine. Miezi kumi na miwili haimsumbui: anapandisha kila namba kwenye kipeo cha 12, basi. Ukilitafsiri jibu lake kuwa jumla ya jozi, kila thamani hufikia kipeo cha 14 na kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 5. Sehemu ya kwanza ni 377.0005 hivi, ya pili ni hiyo 0.0005, ya kutolewa. Zinabaki jozi 377 kamili, bila kuhesabu mwezi mmoja mmoja. Kwa I na jirani yake wa hapo juu ujanja ungegawanyika: jirani hana vekta eigeni za kutosha kujaza msingi, kwa hiyo daftari la tatu kwake halipo.

Matriki ikiwa kubwa, kuutatua mlinganyo wake ni kazi bure. Tangu Niels Henrik Abel mwaka 1824 inajulikana kwamba kuanzia kipeo cha tano hakuna fomula ya jumla ya vipeuo. Kompyuta hupita njia nyingine, ambayo John Francis wa Uingereza na Vera Kublanovskaya wa Leningrad waliigundua mwanzoni mwa miaka ya 1960, kila mmoja peke yake. Kila hatua inaibadilisha matriki kuwa nyingine inayofanana nayo, ili thamani eigeni zisiguswe, huku namba zilizo nje ya ulalo zikipungua. Ukiipitisha A humo, namba ya juu kwenye ulalo inakuwa 1, halafu 1.5, halafu 1.6, halafu 1.615, ya nje ya ulalo inakuwa 1, 0.5, 0.2, 0.077. Kwa sehemu, zile za ulalo ni 1/1, 3/2, 8/5 na 21/13, zote zikiwa namba za mfuatano uleule wa Pisa, na jumla ya ulalo haitoki kwenye 1 katika hatua yoyote.