Nyumba kwa ipoteki: nini inabaki yako

Tuseme unakopa dola 3000 kwa benki, nyumba yako ikiwa dhamana. Benki haichukue funguo. Konservateri ndiye anaandika ipoteki kwenye buku lake na kwenye setifika ya anrejistrema. Fishi ya parsele peke yake haitoshi.

Nyumba ingali yako. Unalala mule, unapokea pesa ya wapangaji. Hata ukiiuza, ipoteki inaifuata. Usipolipa, benki itaiuzisha. Deni na gharama vikitoka, pesa inayobaki ni yako.

Lakini ukimaliza kulipa, maandishi hayafutike yenyewe. Omba benki barua ya mainleve, uipeleke kwa konservateri afute. Tunaona wengi wanasahau hapo, kisha benki ingine inawakatalia, juu setifika ingali inaonyesha deni.